Jumla ya Sehemu Zenye Miraba na Kikomo Chake cha Chini

Mwanafunzi akijumlisha 1/2 na 1/3 akaandika 2/5, amejumlisha viasi peke yake na asili peke yake, na mwalimu humkosoa papo hapo. Jibu sahihi ni 5/6. Hata hivyo ipo kanuni moja ya hisabati inayofanya karibu jambo lile lile na isikosee, kwa sababu haidai kwamba pande mbili ni sawa. Inadai tu kwamba upande mmja hauwezi kuwa mdogo kuliko mwingine. Kanuni hiyo inahusu sehemu ambazo kiasi cha kila moja ni mraba, yaani namba iliyozidishwa kwa yenyewe, na ambazo asili zake ni chanya:

x²/a + y²/b ≥ (x + y)²/(a + b)

Kwa maneno: chukua namba za juu kabla hazijapigwa mraba, zijumlishe, kisha upige mraba jumla yao. Gawanya kwa jumla ya asili. Unachopata ni kikomo cha chini cha jumla ya sehemu zote. Jumla yenyewe inaweza kukifikia au kukipita, lakini haishuki chini yake.

Mfano wa namba unatosha kuonyesha hali ilivyo. Chukua 4²/2 na 3²/3. Sehemu ya kwanza ni 8, ya pili ni 3, na jumla ni 11. Sasa jumlisha 4 na 3 upate 7, ambayo mraba wake ni 49, ugawanye kwa 2 + 3, yaani 5. Matokeo ni 9.8, na kweli 11 inazidi 9.8. Pengo kati ya namba hizi mbili ni 1.2, na pengo hilo halikutokea kwa bahati. Linaweza kupigiwa hesabu kamili, na ndani ya hesabu hiyo ndimo ulimo uthibitisho wote.

Ukitoa upande wa kulia kutoka upande wa kushoto na kuweka kila kitu juu ya asili moja, ambayo ni ab(a + b), sehemu kubwa ya herufi zinafutana. Kinachobaki juu ni b²x² − 2abxy + a²y², na hiyo si kitu kingine ila mraba wa bx − ay. Kwa hiyo:

x²/a + y²/b − (x + y)²/(a + b) = (bx − ay)² / (ab(a + b))

Mraba hauwi hasi kamwe, na a na b zikiwa chanya, asili nayo ni chanya. Tofauti basi ni sifuri au zaidi, na kanuni imethibitika. Kwa namba za mfano uliotangulia, bx − ay ni 3×4 − 2×3, yaani 6. Mraba wake ni 36. Asili ni 2×3×5, yaani 30. Na 36/30 ni 1.2, pengo lile lile.

Mlinganyo huu unasema zaidi ya kile kilichohitajika. Unaonyesha pengo linafungika lini. Linafungika pale tu bx inapokuwa sawa na ay, yaani uwiano x/a unapokuwa sawa na uwiano y/b. Kadiri uwiano wa sehemu moja unavyoachana na wa nyingine, ndivyo kikomo kinavyokaa mbali chini ya jumla halisi. Sharti hili la usawa ndilo linaloamua, katika maswali magumu, kama kanuni itasaidia au itamwacha mtu njiani.

Kutoka sehemu mbili kwenda tatu hakuna kazi mpya. Unganisha kwanza mbili za mwanzo, upate (x + y)²/(a + b), ambayo nayo ni sehemu yenye mraba juu na namba chanya chini. Kisha iunganishe na z²/c kwa kanuni ile ile. Inatoka:

x²/a + y²/b + z²/c ≥ (x + y + z)²/(a + b + c)

Sehemu ya nne, ya tano na zinazofuata huongezwa kwa namna hiyo hiyo, na sharti la usawa linabaki lile lile: uwiano wa namba ya juu kwa asili yake uwe mmoja katika sehemu zote.

Kanuni hii ina majina mengi kuliko inavyostahili. Wanaojiandaa kwa mashindano ya hisabati wengi huiita lema ya Titu, kwa jina la Titu Andreescu, mwanahisabati aliyetoka Romania na baadaye kuwa mwalimu wa timu ya Marekani. Wengine huitaja kwa jina la Mjerumani Arthur Engel, au la Nairi Sedrakyan wa Armenia aliyeiandikia makala mwaka 1997, au la Bergström. Kwa asili ni sura nyingine ya kanuni ya Augustin-Louis Cauchy, iliyotoka katika kitabu chake cha mwaka 1821, ambayo Bunyakovsky na Schwarz waliipanua baadaye katika karne hiyo hiyo. Cauchy alionyesha kwamba jumla ya miraba ya safu moja ya namba, ikizidishwa kwa jumla ya miraba ya safu nyingine, haiwi ndogo kuliko mraba wa jumla ya mazao yao. Safu ya kwanza ikiwa ni x/√a, y/√b na kuendelea, na ya pili ikiwa ni √a, √b na kuendelea, mazao yao ni x, y na wenzao, na kanuni ya sehemu inajitokeza yenyewe. Ugunduzi wa sura hii basi si wa ukweli mpya. Faida yake ni kwamba mtu anayetazama sehemu kadhaa zenye asili zisizofanana anaona mara moja la kufanya, ilhali sura ya Cauchy ingemtaka kwanza afikirie azidishe kwa nini.

Maana ya sharti la usawa inaonekana vizuri katika umeme. Tuseme mkondo wa ampea 3 unafika mahali penye njia mbili sambamba, moja yenye ukinzani wa omu 6 na nyingine wa omu 3. Joto linalozalishwa kila sekunde katika kila njia, kwa wati, ni mraba wa mkondo unaopita humo ukizidishwa kwa ukinzani wake. Kuzidisha kwa 6 ni sawa na kugawanya kwa 1/6, na kuzidisha kwa 3 ni sawa na kugawanya kwa 1/3. Kwa hiyo jumla ya joto ni jumla ya sehemu mbili ambazo viasi vyake ni miraba ya mikondo na asili zake ni 1/6 na 1/3. Namna yoyote mikondo itakavyogawanyika, mradi jumla yao ni ampea 3, kanuni inasema joto halitashuka chini ya 3² ikigawanywa kwa 1/6 + 1/3. Asili hiyo ni 1/2, na 9 kugawanya kwa nusu ni 18. Basi kikomo ni wati 18.

Jaribu kugawa mkondo sawasawa, ampea 1.5 kila upande. Mraba wa 1.5 ni 2.25, mara 6 ni 13.5, na mara 3 ni 6.75, jumla wati 20.25. Imezidi kikomo. Sasa gawa kama umeme wenyewe unavyofanya: ampea 1 katika njia ya omu 6, ampea 2 katika njia ya omu 3. Joto ni 6 na 12, jumla 18 kamili. Sharti la usawa linadai kwamba mkondo ukigawanywa kwa asili yake utoe jibu moja pande zote, na hapa mkondo ukigawanywa kwa 1/6 ni sawa na mkondo mara 6, yaani volti. Ampea 1 mara omu 6 ni volti 6, na ampea 2 mara omu 3 ni volti 6 pia. Hiyo ni sheria anayoijua kila fundi: njia zilizofungwa sambamba zina volti moja. Katika njia kama hizi, kwa hiyo, mgawanyo anaoujua fundi ndio huo huo unaotoa joto dogo kuliko yote.

Katika hisabati ya mashindano, kazi ngumu haiko katika kuikumbuka kanuni. Iko katika kuchagua ni kitu gani kitakachoitwa mraba, kwa kuwa maswali mengi huja bila mraba wowote juu. Swali linalofundisha jambo hili vizuri kuliko mengine ni lile la Nesbitt, la mwaka 1903. Linasema kwamba kwa namba chanya zozote a, b na c:

a/(b + c) + b/(c + a) + c/(a + b) ≥ 3/2

Viasi ni a, b na c tu. Njia inayomjia mtu kwanza ni kuandika a kama mraba wa kipeuo chake cha pili, (√a)², na b na c vivyo hivyo. Hilo ni halali. Jumla ya asili ni 2(a + b + c), na kanuni inatoa kikomo cha (√a + √b + √c)² juu ya 2(a + b + c). Ukiweka namba tatu zilizo sawa, kila moja ikiwa 1, unapata 9/6, yaani 3/2, na mtu anaweza kushangilia akidhani amemaliza. Lakini ijaribu kwa a = 4, b = 1, c = 1. Juu kuna mraba wa 2 + 1 + 1, ambao ni 16. Chini kuna 12. Jibu ni takriban 1.33, chini ya 3/2. Jumla halisi kwa namba hizo ni 4/2 + 1/5 + 1/5, yaani 2.4. Kikomo kilichopatikana ni cha kweli, kwa kuwa 2.4 inazidi 1.33, lakini hakithibitishi kilichoulizwa. Tena hakuna ujanja wa baadaye utakaokiokoa, maana kiini cha swali kimeshapotea katika hatua ya kwanza.

Dawa ni kuzidisha juu na chini kwa namba ile ile kabla ya kuitumia kanuni. Sehemu a/(b + c) ikizidishwa juu na chini kwa a inakuwa a²/(ab + ac). Thamani haijabadilika hata kidogo, lakini sasa mraba upo, na asili imebadilika sura. Zikifanyiwa hivyo zote tatu, jumla ya asili ni 2(ab + bc + ca), na kanuni inatoa:

(a + b + c)² / (2(ab + bc + ca))

Kwa 4, 1 na 1, juu ni 36, chini ni 2×9, na kikomo ni 2, juu ya 3/2 kwa nafasi ya kutosha. Kinachobaki ni kuonyesha kwamba hali ni hiyo daima, yaani (a + b + c)² haipungui 3(ab + bc + ca). Tofauti ya hizo mbili ni nusu ya jumla ya miraba ya a − b, b − c na c − a, ambayo haiwezi kuwa hasi. Swali la Nesbitt limekwisha.

Kwa nini njia moja imefaulu na nyingine imeshindwa, ilhali zote mbili zinatoa 3/2 kamili pale namba zinapolingana? Siri iko katika mwendo wa kikomo namba zinapoachana. Namba moja ikikua na nyingine kubaki ndogo, jumla halisi hupanda, kwa sababu a/(b + c) inakuwa kubwa sana. Vipeuo vya pili hupunguza tofauti hiyo, kwa hiyo kikomo cha njia ya kwanza kinashuka wakati jumla inapanda. Miraba kamili huikuza, na kikomo cha njia ya pili kinapanda pamoja na jumla. Kulijaribu hilo mapema hakuhitaji zaidi ya dakika moja: weka namba sawa kuona kama kikomo kinagusa kiwango kinachotakiwa, kisha weka namba zilizoachana, kama 4, 1 na 1, kuona kama bado kinakifikia. Jaribio la kwanza peke yake ndilo linalowapoteza wengi.

Swali la pili la Olimpiadi ya Kimataifa ya Hisabati ya mwaka 1995, iliyofanyika Toronto nchini Kanada, linapima uwezo huo huo wa kuchagua. Namba chanya a, b na c zina zao la 1, yaani abc = 1, na inatakiwa kuthibitisha kwamba:

1/(a³(b + c)) + 1/(b³(c + a)) + 1/(c³(a + b)) ≥ 3/2

Viasi vyote ni 1, na 1 ni mraba wa 1. Kuanzia hapo moja kwa moja kunatoa 9 juu ya jumla ya asili tatu. Zijaribiwe a = 2, b = 1, c = 1/2, ambazo zao lake ni 1. Asili ni 12, 2.5 na 0.375, jumla 14.875, na 9 ikigawanywa kwa hiyo ni takriban 0.6. Njia imefungwa.

Kinachofaa kuhamishwa ni sehemu ya a³. Ikichukuliwa a² kutoka chini na kupelekwa juu, sehemu ya kwanza inasomeka (1/a)² juu ya a(b + c), yaani ab + ac. Sasa kiasi ni mraba wa 1/a, na asili ni zile zile za swali la Nesbitt. Jumla ya asili ni 2(ab + bc + ca). Namba za juu kabla ya mraba ni 1/a + 1/b + 1/c, na zikiwekwa juu ya asili moja zinakuwa (ab + bc + ca)/abc. Sharti la abc = 1 linafuta asili hiyo, na kinachobaki juu ni ab + bc + ca. Iite S. Kikomo basi ni S² ikigawanywa kwa 2S, yaani S/2.

Inatakiwa S isiwe chini ya 3. Namba tatu ab, bc na ca zina zao la (abc)², ambalo ni 1, na wastani wa namba chanya haupungui kipeuo cha tatu cha zao lao, hapa 1. Kwa hiyo S ni 3 au zaidi, na S/2 ni 3/2 au zaidi. Kwa 2, 1 na 1/2, S ni 3.5 na kikomo ni 1.75, wakati jumla halisi ya sehemu tatu ni 3.15. Swali lililotungwa kwa ajili ya wanafunzi bora wa dunia linamalizika kwa mistari minne, lakini mistari hiyo haiji kwa asiyeona kwamba 1/a ndiyo iliyofichwa ndani ya a³.

Mipaka ya kanuni inasomeka wazi katika mlinganyo wa pengo. Asili lazima ziwe chanya. Chukua x na y zote 1, a iwe 3 na b iwe −1. Upande wa kushoto ni 1/3 − 1, yaani −2/3. Upande wa kulia ni 4/2, yaani 2. Kanuni imeanguka, kwa sababu ab(a + b) imekuwa hasi na kugeuza mwelekeo. Hatari hii hujificha pale asili inapokuwa tofauti ya vitu viwili, kama a + b − c. Zikiwa a, b na c ni pande za pembetatu, tofauti hiyo ni chanya na hakuna shaka; zikiwa namba chanya tu bila sharti jingine, hakuna ruhusa ya kuendelea. Viasi havina sharti hilo. Namba ya juu ikiwa hasi kanuni bado inasimama, ila 1 na −1 zitajumlishwa kuwa sifuri na kikomo kitakuwa sifuri, ukweli usiomsaidia mtu. Kwa kuwa mraba wa −1 ni sawa na wa 1, mtu yuko huru kuchagua alama inayoipa jumla ukubwa zaidi.

Mpaka mwingine ni mwelekeo. Kanuni haisemi lolote kuhusu jumla inaweza kupanda hadi wapi, na swali linalotaka kikomo cha juu haliwezi kutatuliwa kwa kuunganisha sehemu. Linaweza, hata hivyo, kutatuliwa kwa kuzitenganisha, yaani kuisoma kanuni kutoka kulia kwenda kushoto. Ukiweka x na y zote 1 unapata kwamba 4/(a + b) haizidi 1/a + 1/b, au kwamba 1/(a + b) haizidi robo ya 1/a + 1/b. Sehemu moja yenye asili ngumu inavunjwa kuwa mbili zenye asili nyepesi. Kwa mfano ab/(a + b) haizidi robo ya ab(1/a + 1/b), ambayo ni (a + b)/4. Zikijumlishwa sehemu tatu za namna hiyo, ab/(a + b), bc/(b + c) na ca/(c + a), kila herufi inatokea mara mbili upande wa kulia, na jumla yote haizidi (a + b + c)/2. Usawa unapatikana pale a, b na c zinapolingana.